Bona fide, ad hoc, per se na de facto: lipi uliandike, na lini

Aya ifuatayo ililetwa mezani kwangu mwezi Novemba, msimu wa korosho ukiwa umepamba moto, na karani kijana wa chama kimoja cha msingi cha ushirika huku kwetu Mtwara. Ilikuwa rasimu ya muhtasari wa kikao cha bodi:

"Kikao kiliridhia kuundwa kwa kamati ya adhoc ya watu watano ili kuhakiki wakulima bonafide wa chama. Kuhusu upungufu wa kilo 600 ghalani, ilielezwa kuwa upungufu huo si wizi per say, na kwamba mpokea mzigo, ambaye ndiye mtunza ghala defacto, ataendelea na kazi."

"Shikamoo mama. Naomba uniangalizie lugha tu," aliniambia. "Maneno ya Kilatini nimeyaweka ili mkaguzi akisoma ajue tumeandika kitaalamu."

"Marahaba mwanangu. Kaa kwanza."

Tahajia ilikuwa jambo la dakika moja: bona fide, ad hoc na de facto huandikwa kwa maneno mawili mawili yaliyoachana, na per se haina herufi y. Kilichonifanya nimkalishe ni kwamba kila neno kati ya hayo manne lilikuwa limefungua swali, na jibu lake halikuwamo kwenye muhtasari. Nimechapa na kuhariri nyaraka za ofisi kwa miaka mingi, na haya manne ndiyo ninayoulizwa zaidi: niandike lipi, au niandike Kiswahili? Nayalinganisha hapa kwa kutumia ghala lile lile la korosho tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu maneno haya yanatofautiana vizuri zaidi yakisimama mbele ya jambo moja.

Vipimo ninavyotumia

Cha kwanza ni swali ambalo neno linajibu, kwa sababu kila moja hapa lina swali lake na ukilipachika kwenye swali la mwenzake linapotosha. Cha pili ni nafasi yake katika sentensi ya Kiswahili. Cha tatu, ambacho kwangu ni kizito kuliko vyote, ni deni: sentensi gani lazima ifuate ili neno hilo lisimwache msomaji hewani. Cha nne ni kama Kiswahili tayari kina neno la kazi hiyo. Cha tano ni aina ya nyaraka na ya msomaji linayemfaa.

Matamshi hayatatusumbua. Irabu za Kilatini husomeka karibu sawa na zetu, kwa hiyo bona fide isome kama inavyoandikwa. Wanaosema "bona faidi" wameipitishia Uingereza. Herufi c katika ad hoc na de facto hutamkwa k.

Bona fide

Neno hili linajibu swali: je, huyu ni wa kweli, na nia yake ilikuwa safi? Kwa Kilatini fides ni imani au uaminifu, na bona ni njema. Umbo la bona fide lina maana ya "kwa imani njema", yaani lilianza likieleza namna mtu alivyotenda. Katika sheria ya Kirumi yalikuwapo mashauri, kama ya kuuziana, kupangishana na ubia, ambayo mwamuzi aliyapima kwa kigezo hicho cha kuaminiana. Kiingereza kilipolichukua kikalifanya pia sifa ya mtu au kitu, na ndiyo maana leo lina sura mbili. Mtu aweza kununua bona fide, yaani bila kujua kasoro yoyote. Mtu aweza pia kuwa mkulima bona fide, yaani mkulima kweli.

Sura hizi mbili huchanganywa kila siku, na hapa Kusini mchanganyiko huo una gharama. Mnaijua kangomba. Mnunuzi anazunguka vijijini kabla ya msimu au katikati yake, ananunua korosho kwa kipimo kisicho rasmi na kwa bei ya chini, halafu anatafuta jina la mkulima wa kupitishia mzigo kwenye chama ili uingie stakabadhi ghalani. Mwaka 2018, serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malipo yaliendana na uhakiki kwa sababu hiyo hiyo: kutenganisha mwenye shamba na mwenye mzigo tu.

Sasa chukua rasimu ya yule karani. "Wakulima bona fide" ni kina nani? Wenye shamba kwa jina lao? Anayelima shamba la marehemu baba yake, ambalo kwenye daftari bado limeandikwa kwa jina la baba? Aliyekodi mikorosho kwa msimu mmoja, akapulizia dawa na kuokota mwenyewe? Wote hao wanalima kweli. Na yule aliyenunua magunia kumi kwa jirani bila kujua kwamba jirani ameyatoa kwenye shamba la ndugu yake, huyo nia yake ni njema ingawa si mkulima wa mzigo ule hata kidogo. Neno moja limebeba maswali mawili, la ukulima na la nia, na kamati ikienda uwanjani nalo, kila mjumbe atapima kwa kipimo chake.

Kwa hiyo deni la bona fide ni kigezo. Sentensi inayofuata iseme: "Kwa uhakiki huu, mkulima ni mtu aliyehudumia mikorosho msimu huu, awe mmiliki, mrithi au mpangaji, na shamba lake limeonwa na kamati." Ukishaandika hivyo, utagundua kwamba bona fide yenyewe haihitajiki tena.

Kwenye sentensi neno hili hukaa baada ya nomino au baada ya kitenzi, wala halichukui upatanisho wowote. Usiseme "wabona fide". Lipo pia umbo la bona fides, ambalo ni nomino yenye maana ya nia njema yenyewe. Hutokea kwenye barua za benki na za makampuni yanapoomba uthibitisho wa mshirika mpya. Hiyo s ya mwisho haionyeshi wingi.

Kiswahili kimejitosheleza hapa: "kwa nia njema" kwa sura ya kwanza, na "halisi" au "wa kweli" kwa sura ya pili. Kugawanyika huko ni faida, maana Kiswahili kinakulazimisha uchague unachomaanisha. Linapobaki na nguvu ni kwenye mikataba na hoja za kisheria, hasa habari ya mnunuzi aliyelipa thamani bila kujua dosari ya umiliki. Wakili akiona bona fide mahali hapo anajua hoja nzima iliyo nyuma yake. Linamfaa pia ofisa wa zabuni anayejibu nyaraka zilizokuja na neno hilo tayari.

Ad hoc

Hili linajibu swali: kimeundwa kwa ajili ya nini? Ad ni "kwa ajili ya", hoc ni "hili". Kitu cha ad hoc kimeundwa kwa hili, na hili likiisha nacho kimekwisha.

Watu wengi hulisoma kama "cha haraka" au "cha dharura", na huko ndiko kunakopotea maana. Kamati ya ad hoc yaweza kuundwa kwa utulivu mkubwa na ikafanya kazi kwa miezi sita. Kinyume chake ni kamati ya kudumu, kama zile za Bunge au za halmashauri. Mfano mzuri uko kwenye ununuzi wa umma: bodi ya zabuni ni chombo kinachoendelea kuwapo, lakini kamati ya tathmini huteuliwa kwa ajili ya zabuni fulani. Hakuna anayeiita ad hoc kwenye barua ya uteuzi, ila ndivyo ilivyo.

Deni la ad hoc ni kazi na mwisho. Yule karani hakuandika lolote kati ya hayo mawili. Nimeona kamati za namna hiyo zikigeuka za kudumu polepole: msimu wa kwanza zinahakiki wakulima, msimu wa pili zinaombwa "ziendelee tu kwa kuwa zina uzoefu", msimu wa tatu zina fungu la posho kwenye makisio na hakuna anayekumbuka zilitumwa nini. Dalili ni rahisi kuiona. Fungua muhtasari ulioiunda, utafute tarehe ya kuwasilisha taarifa. Kama haipo, kamati hiyo haina mlango wa kutokea.

Dawa yake inajulikana ofisini kwa jina la hadidu za rejea, nazo hazihitaji kurasa. "Kamati itatembelea mashamba ya wanachama wa vitongoji vitatu, itakamilisha daftari, itawasilisha taarifa kwa bodi kabla ya tarehe 15 Desemba, na itavunjika siku ya kuwasilisha." Hilo neno "itavunjika" huwa nalipigia debe kila mara.

Katika sentensi, Kiswahili hulifunga kwa -a unganifu: kamati ya ad hoc, mpango wa ad hoc. Ukilitafsiri neno kwa neno unapata "kamati ya kwa hili", lakini masikio yameshazoea na silikatazi. Neno letu ni "kamati ya kazi maalumu" au "kikosi kazi". "Kamati ya muda" nayo inatumika, ila inataja muda bila kutaja kazi. "Kamati teule" iepuke isipokuwa unaandika habari za Bunge, kwa sababu huko ina maana yake rasmi.

Kati ya manne haya, ad hoc ndilo ninaloliona linavumilika zaidi kwenye muhtasari wa Kiswahili. Wajumbe wengi wa bodi wamelisikia, ni fupi, na halimtuhumu mtu. Linamfaa katibu anayeandikia watu waliozoea vikao. Ila mpango ukiitwa "wa ad hoc" badala ya kamati, angalia sauti yake: hapo mara nyingi ni lawama, kwamba jambo lilifanywa bila utaratibu. Kama unalaumu, laumu kwa Kiswahili kinachoeleweka.

Per se

Hili linajibu swali: jambo hili peke yake linatosha? Per ni "kwa", se ni "lenyewe". Kazi yake ni kukata hoja mahali: hili lililotajwa, bila nyongeza, halijafika kuwa lile. Ndiyo maana karibu kila mara linaishi kwenye sentensi ya kukanusha.

"Upungufu huo si wizi per se." Nilimwambia karani kwamba sentensi yake, ukiacha herufi ile ya ziada, ni ya kweli kabisa. Korosho ghalani hupungua uzito kwa sababu hupoteza maji. Tulichukua karatasi tukapiga hesabu. Ghala lilipokea kilo 20,000, tuseme zikiwa na unyevu wa asilimia 10. Maana yake korosho kavu isiyo maji ni kilo 18,000, na hizo hazipungui. Zikikauka hadi unyevu wa asilimia 9, kilo zile 18,000 sasa ni asilimia 91 ya mzigo. Gawanya 18,000 kwa 0.91, unapata kilo 19,780. Kilo 220 zimeondoka na hewa, hakuna aliyezigusa.

Lakini upungufu ulioandikwa ni kilo 600. Kilo 380 zimebaki bila maelezo, labda mizani mbovu, labda magunia yaliyotoboka, labda mkono wa mtu. Per se imesema ukweli, kisha ikanyamaza pale pale msomaji alipohitaji kuendelea. Mkaguzi akisoma sentensi hiyo peke yake ataona bodi inamkinga mtu.

Deni la per se basi ni "bali". Ukisema kitu si kosa chenyewe, sema kingekuwa kosa kwa sharti lipi, au kimepimwaje. "Upungufu pekee hauthibitishi wizi. Kwa unyevu uliopimwa wakati wa kupokea na wa kutoa, kilo 220 zinaelezeka. Kilo 380 hazijaelezeka na zinachunguzwa." Hakuna aliyetuhumiwa, hakuna aliyesafishwa kabla ya wakati. Na kama unyevu haukupimwa wakati wa kupokea, hata hizo 220 huwezi kuzidai, na muhtasari useme hivyo.

Kwa upande wa sarufi, per se hukaa mara baada ya neno linalolihusu, na kuhama kwake hubadilisha maana. "Upungufu per se si wizi" inaongelea upungufu kama upungufu. "Upungufu huu si wizi per se" inaweza kusikika kama kwamba ni aina fulani ya wizi mdogo, wizi usio kamili. Hapa Kiswahili kinalishinda Kilatini waziwazi, kwa sababu -enyewe yetu inakubaliana na nomino: upungufu wenyewe, kosa lenyewe, mzani wenyewe, hati yenyewe. Msomaji hana haja ya kukisia neno limemshika nani.

Linamfaa nani? Mwanasheria anayechora mstari kati ya kitendo na kosa, na mtaalamu anayeandika ripoti kwa wataalamu wenzake. Kwenye muhtasari na barua za kawaida "pekee", "-enyewe" au "kwa asili yake" zinatosha. Mazungumzoni watu hulitumia kama kilainishi, "sikatai per se", na hapo halina kazi. Ukilifuta na sentensi ikabaki na maana ile ile, lifute.

De facto

Hili linajibu swali: mambo yakoje chini, bila kujali karatasi inasema nini? Factum ni tendo au jambo lililotendeka. De facto ni "kwa jinsi ilivyotendeka". Mwenzake ni de jure, "kwa mujibu wa sheria", na de facto haieleweki vizuri mpaka uwe na huyo wa pili kichwani. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulitolewa mwaka 1973, lakini kwa miaka mingi sehemu kubwa ya shughuli za serikali ilibaki Dar es Salaam, na sheria ya kuitangaza Dodoma kuwa jiji la makao makuu ilitungwa 2018. Mtu aliyesema katika miaka hiyo kwamba Dar es Salaam ni makao makuu de facto alikuwa anasema kitu kamili: uamuzi uko huku, kazi ziko kule.

Kwenye nyaraka za ofisi neno hili ni kali kuliko linavyoonekana, kwa sababu ni kukiri. "Mtunza ghala de facto" ina maana kwamba yule kijana mpokea mzigo anafanya kazi ya mtunza ghala, na hana barua. Usimchanganye na kaimu. Kaimu ana uteuzi, wa muda lakini ni uteuzi, na mtu anajua alianza lini na anawajibika kwa nani. Wa de facto ameingia kwa mazoea: mwenye kazi aliugua, funguo zikabaki kwake, magunia yakaendelea kuja.

Na sheria zetu za kazi hazikuachi hapo. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inaweka dhana kwamba mtu anayemfanyia kazi mwingine ni mwajiriwa, bila kujali mkataba umeitwaje, likithibitika angalau jambo moja kati ya kadhaa: kwa mfano kwamba namna yake ya kufanya kazi au saa zake zinaongozwa na huyo mwingine, au amemfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, au amepewa vifaa vya kazi. Dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi, ila mzigo wa kuipinga uko kwa mwenye kazi. Kwa maneno mengine sheria yenyewe inatazama de facto kwanza. Bodi iliyokuwa ikimlipa yule kijana kama kibarua wa siku, halafu ikaandika kwenye muhtasari wake, kwa saini ya mwenyekiti, kwamba yeye ndiye mtunza ghala na ataendelea, imemwandikia ushahidi.

Simaanishi bodi ingeficha. Kijana alikuwa na haki ya kile sheria inachompa, na muhtasari unapaswa kusema kweli. Ninachosema ni kwamba neno zuri la Kilatini liliwafanya wasione wanachokiri, na pia liliwafanya wasimwone mtu. Alikuwa amebeba funguo za ghala lenye tani 20 bila barua, na sasa kilo 380 zilikuwa zinatafuta wa kuzijibia.

Deni la de facto ni tatu: tangu lini, kwa kibali cha nani, na nini kitafanyika ili karatasi na hali zikutane. "Tangu tarehe 10 Oktoba, mpokea mzigo amekuwa akifanya kazi za mtunza ghala kwa maelekezo ya mdomo ya katibu, bila barua ya uteuzi. Bodi itamteua rasmi au itamkabidhi kazi mtu mwingine ndani ya siku saba, na makabidhiano yatafanyika kwa kupima mzigo wote."

Kiswahili chake ni "kwa hali halisi", "kiutendaji" au "kiuhalisia". Vyote ni vizuri, ingawa nakiri havibebi ule ukinzani na "kisheria" kwa ufupi ule ule wa Kilatini. Kwa hiyo de facto linamfaa anayeandika uchambuzi ambao hoja yake nzima ni pengo kati ya sheria na uwanja: ripoti ya migogoro ya ardhi, tathmini ya mradi, maoni ya kisheria. Muhtasari wa bodi si mahali pake, isipokuwa maelezo yale matatu yapo.

Mtu mmoja mbele ya maneno manne

Bona fide na de facto ndiyo yanayochanganywa kuliko yote, kwa kuwa yote mawili huweza kufasiriwa "halisi". Basi mweke mtunza ghala mbele ya kila neno. Mtunza ghala bona fide ni wa kweli, hakujipachika wala hakughushi barua. Mtunza ghala wa ad hoc amewekwa kwa mzigo fulani, na mzigo ukiondoka naye anaondoka. Mtunza ghala de facto anaifanya kazi bila karatasi. Per se haikai naye hivyo, bali inakaa na hoja juu yake: kushika funguo per se hakumfanyi awe mwizi.

Mtu mmoja aweza kuwa vyote kwa pamoja. Kijana wetu alikuwa de facto na, kwa jinsi nilivyoona hati zake za mapokezi zilivyoandikwa kwa uangalifu gunia kwa gunia, nia yake ilikuwa bona fide pia. Anayedhani de facto ni kinyume cha bona fide amemhukumu mtu kwa kosa la barua ambayo si yeye aliyepaswa kuiandika.

Uamue vipi

Kama unaandika muhtasari utakaosomwa kwa sauti kwenye mkutano mkuu wa wanachama, andika Kiswahili chote. Mzee wa Newala aliyeleta gunia zake sita ana haki ya kusikia "hajapewa barua" badala ya de facto, ili akitaka kuuliza aulize. Ukibakiza moja, libaki ad hoc, na hadidu za rejea ziwe chini yake.

Kama unajibu nyaraka za Kiingereza, tuseme mkataba wa huduma bandarini au kwenye shughuli za gesi ya Madimba, tumia neno lile lile lililo kwenye nyaraka uliyopewa na usilibadilishe njiani. Aliyeandika bona fide kwenye kifungu alikuwa na maana yake ya kisheria, nawe ukijibu kwa neno la karibu tu unaweza kuwa umejibu swali jingine. Panapokuwa na shaka, uliza maana iwekwe kwenye tafsiri ya maneno mwanzoni mwa mkataba.

Kama ni hati ya kwenda mahakamani au kwa wakili, kumbuka kwamba marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini. "Mnunuzi kwa nia njema" ni lugha kamili ya kisheria. Wengi huweka Kilatini kwenye mabano mara ya kwanza, kisha wanaendelea na Kiswahili, nami naona ni njia nzuri kipindi hiki ambacho mashauri mengi ya zamani bado yanasomwa kwa Kiingereza.

Kama ni ripoti ya uchunguzi au ukaguzi, per se na de facto zinaweza kukufaa, mradi sentensi ya deni ifuate papo hapo na si kurasa tatu mbele. Yaandike kwa herufi za mlazo ili msomaji ajue ni ya kigeni.

Na kama unaandika kuhusu mtu ambaye kazi yake au jina lake liko hatarini, acha yote manne mpaka uwe umeandika kwa Kiswahili alichofanya, tarehe, na aliyemtuma. Karani yule alirudi baada ya siku mbili na rasimu mpya. Kilatini kilikuwa kimebaki mahali pamoja tu, kwenye kamati ya ad hoc, na chini yake kulikuwa na tarehe ya kuvunjika. Kwenye aya ya ghala aliandika kilo 220 na kilo 380 katika mistari miwili tofauti, na mstari wa tatu ukasema barua ya uteuzi itolewe kabla ya lori lijalo kupakuliwa.